Bahasha ya Hisa Stahiki: Punguzo Lisilo Zawadi

Mjomba wangu alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na alipostaafu alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua hisa za kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Siku moja aliletewa bahasha nene kuliko ya gawio. Akasoma kurasa mbili, akaona anaambiwa kwamba ana haki ya kununua hisa nyingine kwa bei ya chini ya soko, akaikunja na kuiweka chini ya kitambaa cha meza. "Mimi zangu zinanitosha," alisema. Baada ya miezi kadhaa aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na hisa zilezile, hakuuza hata moja, lakini thamani yake ilikuwa imepungua vibaya. "Hebu niambie, mwanangu," aliniuliza, "pesa yangu imekwenda wapi, nami sikufanya lolote?"

Swali lake lina jibu, na jibu hilo linaweza kupigwa kwa kalamu na karatasi kabla tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu haijapita. Yeyote mwenye hisa, hata mia moja tu, anapaswa kulijua.

Kampuni inapowarudia wenyewe

Kampuni ikihitaji mtaji inaweza kukopa benki, inaweza kuuza hisa mpya kwa umma, au inaweza kuwarudia wanahisa wake na kuwaambia: nyinyi ndio wenye kampuni, basi nunueni nyinyi kwanza. Njia hii ya tatu ndiyo toleo la hisa stahiki. Kila mwanahisa anapewa haki ya kununua hisa mpya kwa kadiri ya hisa alizonazo, kwa bei iliyopangwa, ndani ya wiki chache. Bei hiyo karibu kila mara huwa chini ya bei ya soko, kwa sababu hakuna atakayejaza fomu na kusubiri mgao ili anunue kitu ambacho dalali wake anaweza kumnunulia leo kwa bei ileile.

Mfano tutakaouchambua ni wa Kenya Airways, mwaka 2012. Shirika hilo lilitaka kukusanya karibu shilingi bilioni 20.7 za Kenya, kwa ajili ya mpango wake wa kuongeza ndege na safari. Lilikuwa na hisa 461,615,484. Likatangaza hisa mpya 1,477,169,549 kwa shilingi 14 kila moja. Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza unapata 3.2, na ndiyo maana tangazo lilisema kwamba kila mwenye hisa 5 ana haki ya kununua 16.

Namba hizo mbili, 16 kwa 5, si za kawaida. Kampuni nyingi huomba hisa mpya chache kuliko zilizopo. Benki ya CRDB ya Tanzania, kwa mfano, ilipotoa hisa stahiki mwaka 2015 iliomba hisa 1 tu kwa kila 5, kwa shilingi 350 za Tanzania. Kenya Airways iliomba zaidi ya mara tatu ya hisa zilizokuwapo. Ukubwa huo ndio unaofanya mfano wake ufundishe vizuri, maana kila jambo linaonekana kwa macho.

Ili hesabu iende, tunahitaji pia bei ya soko ya siku ya mwisho kabla haki hazijatenganishwa na hisa. Bei ya soko hubadilika kila siku, kwa hiyo hapa tuchukue shilingi 20 kama bei ya mfano. Ukiwa na bahasha yako mwenyewe mkononi, utaweka bei unayoiona wewe.

Mchele wa aina mbili

Fikiria muuza mchele aliye na kilo 5 za mchele wa shilingi 200, akaletewa kilo 16 za mchele wa shilingi 140, akavichanganya katika gunia moja. Gunia hilo ataliuza kilo kwa bei gani bila kupata faida wala hasara? Hawezi kuuza kwa 200, kwa kuwa sehemu kubwa ya gunia ni mchele wa 140. Atajumlisha thamani ya aina zote mbili, atagawanya kwa kilo zote 21, na atapata kama shilingi 154.

Hisa nazo zinachanganyika hivyohivyo, tena zaidi ya mchele, kwa kuwa hisa mpya ikishaingia katika daftari haitofautiani na ya zamani hata chembe. Ina kura ileile na gawio lilelile. Haiwezekani soko liwe na bei mbili kwa kitu kimoja. Kwa hiyo bei ya zamani lazima ishuke na kukutana na bei ya hisa mpya mahali fulani katikati, na mahali hapo ndipo panapoitwa bei ya kinadharia baada ya haki kutengana:

```
(5 × 20 + 16 × 14) ÷ (5 + 16) = 324 ÷ 21 = 15.43
```

Angalia kwamba bei hiyo iko karibu zaidi na 14 kuliko na 20. Hiyo ni kazi ya 16 kwa 5: hisa mpya ni nyingi, zinaivuta bei upande wao. Katika toleo la hisa 1 kwa 5 mvuto huwa mdogo. Tukichukua mfano wa shilingi 400 kuwa bei ya soko na 350 kuwa bei ya toleo, tunapata tano mara 400, kujumlisha 350, kugawanya kwa 6, yaani 391.67. Bei imeteremka kwa shilingi nane na senti kidogo tu.

Mwanahisa anayefungua gazeti asubuhi na kuona hisa iliyokuwa 20 jana leo ni 15 na ushee, anaweza kudhani kampuni imepatwa na balaa. Huenda hakuna balaa lolote. Jana mnunuzi alikuwa akinunua hisa pamoja na haki iliyomo ndani yake, kama anayenunua kuku mwenye mayai. Leo kuku anauzwa peke yake, na mayai yameshawekwa kapu lingine. Mpaka kati ya jana na leo ni tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Anayenunua ikiwa imechelewa kuingia katika daftari hilo hapati haki, na ndiyo maana hatakubali kulipa bei ya jana.

Haki moja ni shilingi ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu neno "haki moja" linatumika kwa maana mbili, na majibu yake hayafanani.

Maana ya kwanza ni haki ya kununua hisa moja mpya. Ukiwa nayo unaweza kulipa shilingi 14 na kupata kitu cha shilingi 15.43. Thamani yake basi ni tofauti ya hizo mbili, yaani shilingi 1.43. Hii ndiyo haki inayouzwa na kununuliwa sokoni katika zile siku chache zilizotengwa kwa biashara hiyo.

Maana ya pili ni haki iliyoshikamana na hisa moja ya zamani. Hisa ya shilingi 20 imebaki 15.43, kilichoondoka ndani yake ni shilingi 4.57. Hiyo ndiyo thamani ya haki kwa kila hisa uliyonayo.

Zote mbili ni sahihi, na moja inazaa nyingine. Kila hisa ya zamani inabeba haki za hisa mpya 3.2, na 3.2 mara 1.43 ni 4.57. Katika mfano wetu wa hisa 1 kwa 5 mambo yanageuka: haki ya kununua hisa mpya ina thamani ya 41.67, bali kila hisa ya zamani inabeba sehemu moja ya tano tu ya haki hiyo, yaani 8.33. Kwa hiyo ukiambiwa na dalali kwamba haki zinakwenda kwa bei fulani, swali la kwanza kumuuliza ni hili: hiyo ni bei ya haki ya kupata hisa moja mpya, au ni ya kila hisa niliyonayo? Asiyeuliza anaweza kuona bei nzuri akaiita mbovu, au kinyume chake.

Njia nne, mfuko mmoja

Sasa tumchukue mwenye hisa 500. Kabla ya toleo mali yake ni 500 mara 20, shilingi 10,000. Anapewa haki za kununua hisa mpya 1,600. Mbele yake kuna njia nne.

Anaweza kununua zote. Atalipa 1,600 mara 14, shilingi 22,400. Atakuwa na hisa 2,100, na kwa bei ya 15.43 zina thamani ya shilingi 32,400. Toa zile 22,400 alizoingiza, unabaki na 10,000. Hakupata wala hakupoteza.

Anaweza kuuza haki zote. Haki 1,600 kwa 1.43 zinampa karibu shilingi 2,286. Hisa zake 500 sasa zina thamani ya 7,714. Jumla ni 10,000. Huyu naye hakupata wala hakupoteza, ila sehemu ya mali yake imegeuka fedha taslimu, na sehemu yake katika kampuni imepungua.

Anaweza kuuza baadhi ya haki ili fedha hizo zilipie nyingine, bila kugusa akiba ya nyumbani. Akiuza haki 1,452 anapata takriban shilingi 2,074, na hizo zinatosha kununua hisa mpya 148 kwa 14. Anaishia na hisa 648, ambazo kwa 15.43 ni sawa na zile 10,000 zake, pungufu ya shilingi mbili tatu. Njia hii inamfaa mtu kama mjomba, ambaye hana fedha mpya lakini hataki kutoka. Ada ya dalali itakula kidogo, kwa hiyo mwenye hisa chache sana apige hesabu ya ada kwanza.

Njia ya nne ni kuiweka bahasha chini ya kitambaa cha meza. Hisa 500 zinabaki 500, kila moja 15.43. Mali yake ni shilingi 7,714. Amepoteza 2,286, karibu robo ya mali yake, na hakuna aliyemwibia. Alikuwa na kitu cha thamani mkononi, muda wake ukaisha kikiwa hapo mkononi.

Ukizipanga njia hizo pamoja, jambo moja linajitokeza: punguzo la bei si zawadi. Aliyenunua hakutajirika kwa kulipa 14 badala ya 20. Alichookoa kwenye hisa mpya ni 1,600 mara 1.43, na alichopungukiwa kwenye hisa za zamani ni 500 mara 4.57. Vyote viwili ni shilingi 2,286. Pesa imetoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia. Punguzo kubwa halimnufaishi mwanahisa makini wala halimdhuru. Linamwadhibu tu asiyejibu. Kadiri punguzo linavyokuwa kubwa, ndivyo adhabu yake inavyokuwa nzito.

Soko linapokataa nadharia

Bei ya 15.43 ni ya kinadharia, na neno hilo lichukuliwe kwa uzito. Hesabu yetu imekubali mambo matatu kimyakimya: kwamba hisa zote mpya zitanunuliwa, kwamba kila shilingi itakayoingia itabaki na thamani ya shilingi mikononi mwa kampuni, na kwamba hakuna habari nyingine itakayoigusa bei katika wiki hizo.

La kwanza halikutimia kwa Kenya Airways. Zilinunuliwa hisa 1,034,853,551, kama asilimia 70 ya zilizotolewa, na shirika likapata karibu shilingi bilioni 14.5 badala ya 20.7. Tukirudia hesabu yetu kwa hisa hizo, bado tukichukua 20 kuwa bei ya kuanzia, bei ya kinadharia inapanda kutoka 15.43 hadi 15.85. Hisa za bei nafuu zilizochanganywa ni chache, kwa hiyo mvuto wa kushuka umepungua. Serikali ya Kenya, iliyokuwa na asilimia 23 hivi ya shirika, ilitoka hapo ikiwa na karibu 30, kwa kuwa yenyewe ilinunua huku wengine wengi wakiacha.

La pili ndilo zito zaidi. Iwapo soko linaamini kwamba mtaji mpya utaleta faida nzuri, bei halisi itakaa juu ya ile ya kinadharia. Iwapo linaona fedha zinakwenda kuziba pengo, bei itakaa chini yake. Tofauti kati ya bei ya sokoni na bei uliyoipiga kwa kalamu ni maoni ya soko juu ya mpango wa kampuni. Ndiyo maana inafaa kuandika ile 15.43 pembeni mwa karatasi mapema. Bila hiyo, ukiona hisa imeshuka kutoka 20 hadi 14.50, hutajua ni kiasi gani kimetokana na mchanganyiko tu na ni kiasi gani ni wasiwasi. Ukiwa nayo unajua: 4.57 ni ya mchanganyiko, na senti 93 zilizobaki ndizo za kufikiria.

Na siku haki zinapoanza kuuzwa, achana na bei ya kinadharia, tumia bei halisi ya hisa. Hisa ikiuzwa 15.50, haki ya kununua kwa 14 inastahili 1.50. Ukikuta inauzwa senti 50, basi anayeinunua na kulipia fomu anapata hisa kwa 14.50, nafuu ya shilingi nzima kuliko kuinunua moja kwa moja. Katika soko lenye wanunuzi wengi pengo kama hilo hufungwa upesi. Katika masoko yetu, ambako siku nyingine wauzaji wa haki ni wengi kuliko wanunuzi, linaweza kudumu, na mwanahisa mdogo anayeuza kwa haraka ndiye anayeliumia.

Kuna hatari moja isiyosamehe: bei ya hisa kushuka chini ya bei ya toleo. Hisa ikiwa 13.50, haki ya kuinunua kwa 14 haina kazi. Thamani yake haishuki chini ya sifuri, kwa sababu haki si wajibu, halazimishwi mtu. Inaweza hata kuuzwa kwa senti chache wakati siku zingalipo, kwa tumaini kwamba bei itapanda tena. Lakini mtu asiyetazama bei, akajaza fomu na kulipa 14, amelipa zaidi ya anayenunua kwa dalali siku hiyo. Kwa hiyo usiharakishe kulipa siku ya kwanza. Haki ni yako hadi siku ya mwisho, na kungoja hadi siku chache kabla ya mwisho kunakuwezesha kuona bei imesimama wapi. Kumbuka tu kwamba dirisha la kuuza haki hufungwa mapema kuliko dirisha la kulipia hisa, kwa hiyo anayetaka kuuza anayo kalenda fupi zaidi.

Hata aliyefanya hesabu zote sawasawa hakupata kinga dhidi ya yaliyofuata baadaye. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, Kenya Airways ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7, na bei ya hisa yake ilikuwa imeteremka mbali chini ya zile 14. Mwezi wa Julai 2020 biashara ya hisa zake ikasimamishwa sokoni, ikafunguliwa tena Januari 2025. Hesabu ya haki inakuambia thamani ya kilicho mkononi mwako wiki hii. Kama kampuni inastahili fedha zako kwa miaka kumi ijayo, hilo ni swali la pili, nalo linajibiwa kwa kusoma vitabu vya kampuni. Aliyeona jibu ni hapana mwaka 2012 alikuwa na njia yake halali: kuuza haki zake, achukue zile shilingi, aondoke nazo.

Ilikokwenda pesa ya mjomba

Nilimchorea mjomba hesabu hii nyuma ya bahasha ileile, maana bado ilikuwa pale chini ya kitambaa. Alikubali haraka kwamba angeweza kuuza haki zake. Lililomsumbua ni jingine: kama yeye alipoteza, nani alipata?

Toleo la kampuni yake lilikuwa limejaa na kupita kiasi. Katika toleo la namna hiyo, hisa ambazo wenyewe hawakuzichukua hazitupwi. Fomu huwa na sehemu ya kuomba hisa za ziada, na waliojaza sehemu hiyo ndio hugawiwa zile zilizoachwa, kwa bei ileile ya punguzo. Wanapata haki bila kuinunua. Ile tofauti aliyoiacha mezani iliingia katika akaunti za wanahisa wenzake waliosoma ukurasa wa tatu.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akaifungua bahasha upya na kuanza kusoma kuanzia pale alipokuwa ameishia.